Mguu wa Tisa

Watu wa Kibondo wananiita Mwalimu Njiti. Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi mtu akiniita hivyo sokoni natamani kumzaba kofi, halafu nakumbuka kwamba jina nilijitafutia mwenyewe.

Jina langu ni Longinus. Ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mwaka wa kumi na nne hapa, nimeletwa na serikali kutoka Muleba. Ndiyo, Mhaya, na maneno yote mnayosema kuhusu Wahaya na maringo nimeshayasikia, msijisumbue. Kwa muda wote huo nimefundisha watoto hesabu kwa njiti za kibiriti, kwa sababu kibiriti kila nyumba kipo. Unapanga tarakimu kwa njiti, kama zile za kikokotoo. Moja ina njiti mbili, nne ina nne, nane ina saba. Unapanga hesabu ya uongo, halafu unamwambia mtoto, sogeza njiti moja tu, hesabu iwe ya kweli. Usiongeze, usipunguze, usivunje. Mtoto aliyekataa kushika kalamu tangu darasa la tatu utamwona amelala kifudifudi juu ya meza, ulimi nje, anatafuta.

Januari hii shule moja ya bweni ya Kasulu ilitoa nafasi moja ya kidato cha kwanza, bure, na juu yake chakula na kitanda, kwa mtoto atakayeshinda mashindano ya njiti ya wilaya yetu. Mtungaji wa maswali nikawa mimi. Msimamizi, mimi. Msahihishaji, mimi. Nani mwingine? Nilitembea mjini wiki nzima kifua mbele.

Wakaja watoto ishirini na sita, Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa shule yetu. Mpaka swali la tisa walikuwa wamebaki wawili wanaolingana alama. Mmoja Nickson, mtoto wa hapa mjini, baba yake fundi wa redio. Wa pili Esteri, binti wa Busunzu, miaka kumi na tatu, sare imefuliwa mpaka imepoteza rangi, ndala za miguu miwili tofauti. Alikuja na mama yake, Veronica, mjane anayelima mihogo na maharage. Kabla hatujaanza mama huyo alinifuata pembeni akaniambia bila kuzunguka.

"Mwalimu, nikueleze ujue. Shule ya kata amechaguliwa, lakini kwetu ni saa mbili kwa mguu, porini, na binti wa jirani alirudi kutoka njia hiyo hiyo na mimba. Simpeleki. Akipata Kasulu, anakwenda Kasulu. Asipopata, yupo mama mmoja wa Kahama anatafuta msichana wa kazi za ndani. Nimeshampa neno."

"Mama Esteri," nikamwambia, "hesabu haina ndugu. Mtoto wako akijua, atapata."

Nilijiona nimesema jambo kubwa.

Swali la kumi lilikuwa hili: 6 + 3 = 5. Kila mtoto alikuwa na njiti zake mezani na karatasi ya maswali pembeni. Jibu langu nililijua kama jina langu: unachukua njiti iliyosimama kwenye alama ya kujumlisha, inabaki kutoa. Ile uliyochukua unaiweka kwenye pengo la sita, juu kulia, sita inakuwa nane. Nane kutoa tatu, tano. Nilikuwa nimelikagua swali lile siku mbili, nikaapa halina jibu jingine.

Esteri alinyoosha mkono kabla hata dakika haijaisha.

Nikaenda. Hakugusa sita, hakugusa alama. Alichukua njiti ya chini ya ile tano, iliyolala, akaisimamisha juu kulia. Mezani palisomeka 6 + 3 = 9. Ile tisa ilikuwa na kichwa na mgongo, lakini chini haina kitu. Njiti tano.

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Tisa, mwalimu."

"Tisa ina njiti ngapi?"

Akaweka kidole juu ya karatasi ya maswali, pale juu kabisa, penye mfano. Watoto wa huku wamefundishwa kutobishana na mkubwa, na kile kidole kilikuwa ndiyo ubishi wake wote.

"Usinielekeze karatasi niliyoiandika mimi!" nikafoka. Ukumbi mzima ukageuka. "Tisa ina njiti sita. Ina mguu! Umeona wapi tisa iliyokatwa mguu? Umekosa. Kaa chini."

Akakaa. Dakika ya nne Nickson akanyoosha mkono, nane kutoa tatu ni tano, makofi yakapigwa. Nikasimama mbele ya wageni wa elimu na mwakilishi wa ile shule ya Kasulu, nikasema hesabu haina rufaa. Watu wakacheka, wakakubali. Esteri alikuwa anarudisha njiti zake ndani ya kibiriti moja moja. Mama yake alinishukuru kwa kumsumbukia mtoto. Wakaondoka.

Jumatatu tulikuwa ofisini kwa walimu, saa ya chai. Mwalimu Safina, mwenzangu wa Kiswahili, mwanamke wa Ujiji asiyekosa utani, akachukua ile karatasi ya maswali.

"Haya Mwalimu Njiti, na sisi wajinga tujaribu. Hapa kwenye mfano unaanza na njiti ngapi?"

"Kumi na nane," nikamjibu bila kuinua macho kwenye kikombe.

Mfano ulikuwa 9 − 4 = 3. Unasogeza njiti ya juu kulia ya ile tatu kwenda kushoto, inakuwa tano, tisa kutoa nne ni tano. Rahisi, wa kuwaonyesha watoto kanuni. Safina akahesabu njiti kumi na nane, akapanga akifuatisha mchoro wangu, njiti kwa njiti.

"Mbona nimebakiwa na moja?" akasema. "Umeniibia au umenizidishia?"

Nikainua macho. Nikaiona.

Tisa ya kwenye mfano haikuwa na mguu. Njiti tano. Tisa niliyoichora mimi, kwa mkono wangu, nikaitoa nakala ishirini na sita, ilikuwa tisa ileile aliyopanga Esteri mezani. Kidole chake kilikuwa juu yake.

Na nilikumbuka ilivyokuwa, Mungu wangu, nilikumbuka yote. Nilipanga mfano ule nyumbani kwa njiti za kweli ili niuchore. Nikatamani sigara. Kibiriti kimeisha, njiti zote ziko mezani. Nikanyofoa ya karibu na mkono, nikawasha, nikavuta, halafu nikachora kilichobaki. Ule mguu wa tisa niliuvuta na sigara.

"Longinus? Umemeza nzi?" Safina akauliza.

"Umehesabu vibaya," nikamwambia, nikakusanya njiti zote zikarudi ndani ya boksi. Akacheka, akaenda darasani.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye ubaya wangu. Kukosea si dhambi, kila mwalimu anakosea. Siku ile ilikuwa Jumatatu. Wanafunzi wa Kasulu walikuwa wanaripoti Jumatatu inayofuata. Nilikuwa na siku saba nzima. Simu moja tu ingetosha, kwamba watoto wote wawili wamepata, tuwapambanishe tena kwa swali moja. Simu moja!

Lakini nilijiona nimesimama mbele ya wale wageni nasema nilivuta mguu wa tisa. Nilimwona baba yake Nickson, ambaye alishanunua sanduku la bati na kulipaka rangi ya bluu. Nilisikia watu wa sokoni wanavyonicheka. Nikasema nitapiga kesho. Jumanne nikasema mtandao mbovu. Jumatano mvua ilinyesha, nikasema nani atanisikia na mvua hii kwenye bati. Alhamisi sikusema kitu. Niliona aibu, na aibu ilikuwa na nguvu kuliko mtoto wa watu. Ndivyo nilivyo.

Ijumaa sikulala. Jumamosi asubuhi nikampigia yule mwakilishi wa Kasulu, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, mlete huyo binti Jumatatu. Tutawapa wote wawili swali, na kama watalingana tena nitamwomba mkuu wa shule kitanda cha pili." Ilikuwa rahisi hivyo. Nilitaka kujipiga kichwa ukutani.

Nikachukua bodaboda mpaka Busunzu. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno yangu, nitakavyosema kwa heshima, bila kujishusha sana. Hata pale, jamani, bado nilikuwa napima nitajishusha kiasi gani.

Mama Esteri alikuwa anamenya mihogo uani. Akaniamkia kwa Kiha, mwakeye, akafuta mikono, akanipa kigoda.

"Esteri yuko wapi?" nikauliza.

"Kahama. Yule mama alikuja kumchukua Alhamisi."

"Piga simu arudi! Amepata, mama Esteri. Alikuwa sahihi. Kasulu wanamsubiri Jumatatu."

Akaingia ndani, akatoka na simu ndogo na kipande cha karatasi chenye namba. Akapiga. Akanipa nisikie mwenyewe. Namba hiyo haipatikani.

"Tangu juzi jioni iko hivyo," akasema. "Nilitaka kujua kama amefika."

"Mtaa gani huko Kahama? Jina la huyo mama?"

"Wanamwita mama mwenye duka. Alikuja na mtu wa hapa kijijini, na huyo naye hajarudi." Akakaa chini, akashika kisu, hakumenya. "Alikuwa anapanga njiti hapa kila siku mpaka Alhamisi. Namwambia acha, umeshakosa. Ananiambia, mama, sijakosa, mwalimu hakuangalia karatasi. Nikamchapa. Nilimwambia mwalimu hawezi kukosea, ni wewe una kiburi."

Nikainama, nikatazama maganda ya mihogo.

Akaniuliza taratibu, "Mwalimu, wewe uliligundua lini hili?"

Hapo nilikuwa na njiti moja ya kusogeza. Neno moja tu, Jumatatu, na angalau jambo moja katika uwanja ule lingekuwa la kweli.

"Leo asubuhi," nikasema.

Akashusha pumzi. "Basi. Umegundua leo na leo hiihii umekuja. Wangapi wangekuja? Mungu akubariki, mwalimu."

Akanyanyuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na mkungu wa ndizi, akaufunga mwenyewe kwa kamba nyuma ya pikipiki kwa sababu nilikuwa nimeacha kazi yangu kwa ajili ya mwanaye. Nikaupokea.