Safu ya Mwisho

Pale kwenye duka la jumla la rangi walimwita Hakimu, naye hakulikataa jina hilo. Alikuwa msichana, karani wa madeni. Kila asubuhi alifungua jedwali lake kwenye kompyuta, likajisomea tarehe ya leo, likawapanga wateja lenyewe: waliochelewa hadi siku thelathini safu ya kwanza, hadi sitini ya pili, hadi tisini ya tatu, na waliovuka tisini wakatupwa safu ya mwisho. Wa safu ya kwanza walikumbushwa kwa ujumbe, wa pili kwa simu, wa tatu kwa barua. Wa safu ya mwisho hawakupewa hata kopo la rangi mpaka walipe.

Hakimu aliipenda safu ya mwisho kuliko inavyofaa kupenda kitu cha namna hiyo. Alikuwa na miezi mitano tu kazini, na safu ile ndiyo iliyowafanya watu wazima wamwamkie kwa adabu dirishani.

Jumanne ile safu ya mwisho ilikuwa na baba yake mdogo.

Huyu baba mdogo, ambaye mafundi wenzake humwita Mzee Brashi, ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki, na ndiye aliyemlipia masomo ya uhasibu kwa kupaka kuta za watu. Alifika saa tatu na gari la kukodi, vijana wake wanne wamekaa nyuma. Alikuwa amepata kazi ya kupaka wodi za zahanati, na alitakiwa kuzikabidhi Jumamosi. Alihitaji ndoo kumi na mbili za rangi nyeupe.

"Hujambo, mwanangu. Niandikie ndoo zangu."

Hakimu alitazama kioo cha kompyuta. Siku tisini na nane. Foleni nyuma ya mzee ilikuwa ndefu, na mtunza stoo alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Wiki iliyopita huyo mtunza stoo alimtania kwamba ngoja tuone siku akija wa nyumbani kwenu. Maneno yale yalikuwa bado yanamkereketa.

"Una ankara ya siku tisini na nane," akasema. "Hupewi kitu."

"Tisini na nane? Mimi nilidhani nimechelewa mwezi na siku kidogo." Mzee akainama karibu na dirisha. "Ongea taratibu, mwanangu. Watu wanasikia."

Angeweza kuongea taratibu. Dirisha lile lina tundu dogo la sauti, na mnong'ono unapita vizuri kabisa. Lakini Hakimu alipaza sauti makusudi, ili mtunza stoo asikie na foleni yote isikie.

"Wasikie tu! Hapa ofisini sina baba mdogo. Unachukua mali ya watu, halafu unakwepa kulipa. Deni ni deni."

Mmoja wa vijana kwenye gari alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mzee Brashi alivua kofia, akaivaa tena, akasema, "Haya, mama," akaondoka. Gari lilirudi tupu. Mtunza stoo akainua dole gumba, na Hakimu akajiona mtu wa maana sana.

Alhamisi asubuhi mhasibu mkuu alimwomba nakala za ankara zote za safu ya mwisho, zipelekwe kwa wakili. Hakimu akalitoa jalada la baba yake mdogo, akaichomoa ankara ile kuipeleka kwenye mashine ya nakala. Ilikuwa ya tarehe nne Machi. Chini yake, kwa herufi nzito, iliandikwa: malipo yafanyike kabla au ifikapo tarehe tatu Mei.

Alisimama na karatasi mkononi kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

Mafundi wa majengo walipewa siku sitini za kulipa, kwa kuwa na wao hulipwa kwa kuchelewa. Hilo alilijua. Na deni haliwi limechelewa mpaka siku ya kulipa ipite. Hilo alifundishwa chuoni wiki ya kwanza, kwa ada ya mzee yuleyule. Kutoka tatu Mei hadi leo, tarehe kumi na mbili Juni, ni siku arobaini. Hata Jumanne ile zilikuwa thelathini na nane. Safu ya pili. Mtu wa kupigiwa simu ya kistaarabu, basi.

Na aliyeharibu alimjua. Miezi miwili iliyopita mhasibu mkuu alilalamika kwamba ripoti inatoka kurasa mbili. Hakimu, kwa kutaka sifa, aliifuta safu ya tarehe ya mwisho wa malipo ili kila kitu kienee kwenye ukurasa mmoja. Jedwali likagoma kuhesabu. Akalielekeza kwenye tarehe iliyokuwa imebaki, ya siku ankara ilipoandikwa, nalo likakubali. Alipongezwa kwa ripoti safi. Tangu hapo kila deni lilikuwa limezeeshwa kwa muda wote wa kulipa aliopewa mteja: wenye maduka siku thelathini, mafundi sitini.

Akarudi mezani, akaingiza upya tarehe zilizofutwa, akatoa tarehe ya kulipa kutoka kwenye tarehe ya leo, mstari kwa mstari. Majina tisa yakatoka safu ya mwisho. Katika safu nyingine walikuwemo ambao hawakuwa wamechelewa hata siku moja.

Hapo ndipo aibu ilipomfundisha ujanja. Angenyamaza. Angempigia baba mdogo amwambie kwamba amemwombea kwa wakubwa, nao wamemhurumia, aje achukue rangi. Mzee angemshukuru. Alikuwa ameshashika simu aliposikia mtu akigonga kioo cha dirisha kwa kucha.

Alikuwa Mzee Brashi, peke yake, bila gari. Akapitisha bahasha chini ya kioo.

"Hesabu, mwanangu. Ni yote."

"Umepata wapi?"

"Nimeiuza ile mashine ya kupulizia rangi. Zahanati wamempa kazi fundi mwingine jana, kwa hiyo rangi haina haraka tena." Akatabasamu kwa upande mmoja. "Nimekuja kukuomba radhi. Nimekuaibisha mbele ya wenzako. Mimi kichwani nilikuwa nahesabu vingine, lakini nikasema, aliyesoma ni yeye. Nimezeeka, nachanganya."

Hakimu aliitazama bahasha. Foleni ilikuwepo, fupi kuliko ya Jumanne. Mtunza stoo alikuwa mlangoni na chai yake. Mlango wa mhasibu mkuu ulikuwa wazi. Simu ilikuwa bado mkononi mwake, na ule uongo mtamu ulikuwa tayari mdomoni.

Akaiweka simu chini, akasimama.

"Baba, hukuchanganya," akasema, na sauti yake ikafika mlangoni. "Nimekosea mimi. Nilihesabu kuanzia siku uliyochukua rangi, badala ya siku uliyotakiwa kulipa. Jumanne ulistahili kupewa ndoo zako. Hukukwepa deni. Mimi ndiye niliyekukosesha kazi, na nikakutukana mbele ya watu."

Mtunza stoo akashusha kikombe. Mhasibu mkuu akatokea mlangoni kwake. Foleni yote ikamtazama Hakimu, naye akaendelea kusimama, machozi yakimshuka mpaka kidevuni.

Mzee Brashi aligeuka haraka akawatazama watu, kisha akainama kwenye lile tundu dogo la sauti.

"Ongea taratibu, mwanangu," akamnong'oneza. "Watu wanasikia."