Ekari Mbili za Naserian

Nina hasira, na siiombei radhi.

Kazi yangu katika ofisi ya mikopo hapa Kitengela ni moja: kabla pesa hazijatoka, nasoma karatasi zote za dhamana, moja kando ya nyingine. Jumatano hiyo faili ilikuwa ya Lesiamon, mwalimu wa hesabu, aliyetaka milioni mbili anunue lori la kubebea kokoto. Shamba la dhamana halikuwa lake. Lilikuwa la Naserian, mjane wa kaka yake.

Oscar, meneja wetu, aliweka kalamu juu ya faili. "Kalunde, weka saini. Rehani imeshasajiliwa ofisi ya ardhi Kajiado. Imebaki wewe tu."

Nikaanza. Jina, sawa. Namba ya shamba, sawa kwenye hatimiliki, kwa mthamini na kwenye rehani. Mkopo, milioni mbili kila mahali. Kisha ukubwa. Mthamini aliandika ekari 2.02, malisho, hakuna jengo, thamani milioni tatu na laki mbili. Hatimiliki ilisema hekta 2.02.

Hekta. Hizo ni karibu ekari tano. Mthamini, mtu mzima mwenye muhuri, alipelekwa na Lesiamon kuonyeshwa kipande, akaona 2.02 kwenye karatasi, asiulize 2.02 ya nini.

Naserian alikuwa kwenye benchi pale nje na shemeji yake. Niliwaita wote wawili.

"Mama, umeweka shamba gani?"

"Ekari mbili za kule chini karibu na mto. Si imeandikwa mbili hapo? Zile tatu za boma ziko na mimi."

Damu ilinichemka. Rehani hushika hatimiliki nzima, haijui kule chini wala kule juu. Na huyu mama alikuwa ameitia saini.

"Sasa shida iko wapi?" Oscar akasema. "Dhamana imezidi. Kwetu hiyo ni afadhali."

Nilitamani kumtupia hiyo kalamu. Badala yake nilimgeukia Naserian nikamweleza wazi: Lesiamon akishindwa kulipa, zitapigwa mnada zote tano.

"Na boma?"

"Na boma."

"Na kaburi la mzee?"

"Liko ndani, mama."

Nikaandika kwenye fomu: ukubwa haulingani, pesa zisitolewe. Rehani ifutwe, mpimaji akate ekari mbili, zipate hati yake, ndipo tuongee. Oscar alitoka akibamiza mlango.

"Hiyo ni miezi mingi," Lesiamon akalalamika. "Lori litauzwa. Ni kosa kidogo tu la hekta na ekari. Hata mimi sikuona."

Naserian alikunja shuka yake mapajani, akamtazama.

"Shemeji," akasema polepole, "si ni wewe unafundisha watoto wangu hesabu?"