Asante ya Mkupuo

Baada ya miaka mitatu ya kutuma maombi, Anyitike alipata kazi ya ubwana shamba, au tuseme ubibi shamba, kwenye kampuni ya kununua parachichi. Alikuwa amechoka hata kufurahi. Akajilaza kwenye kochi la dada yake Doreen, mtaa wa Makandana, akaandika ujumbe mmoja wa WhatsApp na kuutuma kwa mkupuo kwa watu wote aliowahi kuwasumbua.

Hongera zilimiminika. Nusu ya waliopongeza walikuwa na mtoto wa kutafutiwa kazi.

Mzee Jairo wa Kisondela hakujibu. Huyo ndiye aliyempigia meneja simu na kumdhamini. Na Jumatatu Anyitike alikuwa na kikao chake cha kwanza na wakulima wa huko, ambao mzee asipofika, nao hukumbuka ghafla kwamba wana msiba.

Doreen aliuliza kama mzee anayo namba yake mpya. Hakuwa nayo. Basi, Doreen akasema, ujumbe wa mkupuo haumfikii mtu ambaye hajahifadhi namba yako. Mzee atakuwa ameisikia habari hiyo kanisani, kama mbea yeyote.

Jumamosi jioni, miguu ikimuuma kwa kutembelea mashamba, Anyitike alipanda bodaboda kwenye mvua. Alimkuta mzee kibarazani akimenya ndizi. Alikaribishwa kigoda, hakuulizwa habari za kazi. Akaeleza mambo ya namba mpya. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

“Meseji za michango ya harusi zinanifikia,” alisema. “Hebu nisomee hiyo yako.”

Akasoma. Alipofika kwenye “nawashukuru wote walionisaidia kwa namna moja au nyingine,” mzee aliweka kisu chini.

“Mimi ni ipi, mwanangu? Moja, au nyingine?”

Anyitike alizima simu. Hakuwa na nguvu ya kutunga. Akasema tu kwamba siku ile meneja alipokataa kumwona, mzee alipiga tena simu mbele yake, akamwambia meneja kwamba binti huyu akiharibu, waje wamuulize yeye Jairo.

“Nilirudi nyumbani nikalia, baba. Hakuna mtu aliyewahi kuniwekea jina lake. Ndaga fijo, asante sana.”

Mzee aliendelea kumenya. Ndizi mbili, tatu. Kisha akachomoa simu mfukoni, akampa.

“Iweke namba yako. Uandike na kampuni, maana Anyitike ninao wanne.”

Alipokuwa akiandika, mzee alisema Jumatatu atakuja kikaoni, ila asimpe nafasi ya kuongea. Atakaa tu mbele. Halafu akamwita mkewe aongeze maji sufuriani, mgeni anakula.

Anyitike alitamani kitanda. Bodaboda ilikuwa imeshaondoka, mvua imekaza. Akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya.