Walioandika ACHA

Siku jina la WAFUGAJI lilipopitishwa, Husna alipiga kelele hadi fundi cherehani wa chumba cha jirani akaja mbio na ufagio, akidhani ameingia nyoka. Nyoka hakuwepo. Ilikuwepo kompyuta moja, modemu iliyofungwa kwa mpira isidondoke, na barua pepe kutoka kampuni ya Dar es Salaam yenye tovuti ya kutuma ujumbe kwa watu wengi kwa mkupuo. Mitandao yote ya simu imekubali jina lenu la mtumaji, ilisema. Tumeni.

"Kwa hiyo mtu wa Mkumbara na mtu wa Kwamsisi wataupata pamoja?" aliuliza Mzee Mhina, mwenyekiti wa chama cha wafugaji, akiwa amesimama nyuma ya kiti cha katibu wake.

"Pamoja, mzee. Na hawataona namba ngeni. Wataona WAFUGAJI."

Mzee Mhina aliguna. Yeye alitaka jina la chama liandikwe lote, pamoja na Handeni na Korogwe zake, na alinuna kutwa nzima alipoambiwa herufi hazizidi kumi na moja. Lakini hata yeye siku hiyo alishindwa kuficha meno.

Furaha ya Husna ilikuwa na sababu. Msimu uliopita alisimama kwenye kibanio, pale ng'ombe wanapobanwa wakichanjwa, akamwona daktari akimwaga chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa kupe unaoua ndama, mchangani. Chanjo ile hukaa kwenye mtungi wa gesi yenye baridi kali, na ikishayeyushwa haingoji kesho. Wafugaji walipata habari baada ya daktari kuondoka, kwa kuwa mjumbe alikuwa mmoja tu, Salaash na pikipiki yake, na uwanda ni mpana. Mwezi uliofuata ndama walikufa boma baada ya boma. Husna, mtoto wa wakulima wa Mazinde ambaye hajawahi kumiliki hata mbuzi, alilia kama wake. Ndipo akasimama mbele ya kamati na kusema: nipeni tovuti hii, na chanjo ikimwagwa tena nitakabidhi ufunguo wa ofisi.

Basi akaandika ujumbe wa kwanza, akihesabu herufi zisizidi mia moja na sitini ili usikatwe ukalipiwa kama ujumbe mbili. Mwanzoni aliweka nafasi ambayo tovuti yenyewe hujaza jina la kila mwanachama. Mwishoni akaweka maneno ambayo kampuni ilisisitiza yasikosekane: anayetaka kujitoa, atume neno ACHA kwenda namba fupi. Ukimjibu WAFUGAJI mwenyewe jibu haliendi popote, maana lile ni jina tu, si simu.

*Ndugu Fulani, chanjo ya ndama ni Ijumaa asubuhi, kibanio cha Kwamsisi.*

Akabonyeza. Kwenye skrini neno "inasubiri" likaanza kugeuka "imefika", mstari baada ya mstari, na Husna akajikuta anapiga makofi peke yake. Simu ya Mzee Mhina ikalia mfukoni. Akaitoa, akaisoma kwa mkono ulionyooshwa mbali, akasema, "Ananiita ndugu huyu! Mimi ni umri wa babu yake!" Wakacheka hadi machozi.

Wangeendelea kucheka kama katika safu ya waliojitoa isingetokea namba moja. Kisha ya pili. Kisha zikaja kwa vishindo, na zote zilikuwa za upande wa Kwamsisi, za wafugaji wenye ndama wengi. Kufikia adhuhuri zaidi ya nusu yao walikuwa wameandika ACHA.

Na shida haiji peke yake ikiwa imekusudia kumkomoa mtu. Daktari wa mifugo, Dominiko, alipiga simu kutoka Korogwe: mtungi wa baridi unavuja, gesi iliyobaki haitaifikisha chanjo Ijumaa. Ni kesho asubuhi, au basi.

"Watumie tena, haraka," alisema Mzee Mhina.

"Waliojitoa tovuti haiwatumii, mzee. Inawaruka."

"Wafute, uwaingize upya kama wageni. Au omba jina jingine."

Husna aliitazama kibodi. Jina jingine lingechukua siku nyingi kupitishwa, hilo aliliweka kando. Lakini kuwaingiza upya kwa ujanja kuliwezekana pengine, na vidole vilimwasha kweli. "Mtu amesema acha, mzee," alisema mwishowe. "Nikimlazimisha leo, hata ukweli wa kesho hataniamini. Kwanza nijue tumewakosea nini."

Salaash alikuwa mlangoni, shuka begani, ufunguo wa pikipiki mkononi. Alionekana kama mtu mwenye mwiba unyayoni.

"Salaash, wewe ni wa kule. Nani alianza?"

"Boma la Nashipai. Mwenye kibanio. Wamenipigia simu. Ujumbe uliingia kwenye simu yake. Binti yake akausoma kwa sauti, mbele ya watu. Ulimwita mume wake. Kwa jina."

Mume wa Nashipai alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwa Wamasai jina la marehemu halitajwi, hukaa kimya pamoja naye, na hata sisi hapa tutaliacha lilipo. Na WAFUGAJI amelitaja mbele ya mjane na wanawe, tena kwa kumwagiza marehemu alete ndama.

"Lakini niliwasomea majina kikaoni!" alilia. "Nilisoma moja moja, mkasema yuko, yuko. Nilipofika kwake mlinyamaza tu!"

"Tulinyamaza," alisema Salaash. "Ungetaka tukuambieje? Kukwambia hayupo ni mpaka tumtaje."

Husna alikumbuka sasa. Ukimya ule, macho yaliyoangalia chini, na Salaash huyu huyu akisema "endelea". Naye akaendelea, kwa furaha zake, akidhani wamechoka.

"Nitampigia Nashipai."

"Hili si la simu," alisema Salaash, na alikuwa tayari ameshaiwasha pikipiki.

Waliondoka vumbi likiwafuata. Njiani Salaash alimfundisha salamu ya Kimasai ya kumwamkia mama, kwa kupiga kelele kinyume cha upepo, naye akairudia hadi midomo ikakauka. Aliogopa, lakini, tuseme kweli, kulikuwa na raha ndani ya hofu ile: kwa mara ya kwanza alikuwa anakwenda kuziona sura za namba zake.

Nashipai alikuwa akiufunga mlango wa zizi la ndama kwa matawi ya miiba. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiye na haraka.

"Takwenya, yeyo," alisema Husna, akiinamisha kichwa.

"Iko," Nashipai aliitika, na kumpa kigoda, kwa sababu hata mkosaji hukaa.

Husna hakuzungusha maneno. Alisema ni yeye aliyeandika, si mashine, na kwamba hakujua, na kwamba kutojua hakukuondoa kosa. Alisema pole.

"Sikukasirika kwa ajili yake tu," alisema Nashipai polepole. "Simu hii ninayo mimi tangu alipoondoka. Kibanio kile ninakitengeneza mimi, nguzo kwa nguzo. Michango ninaleta mimi. Halafu chama kinaita mtu asiyekuwepo. Mimi nikajiuliza, kwani mimi nipo?"

Husna alitoa simu yake yenye intaneti, akaomba mahali penye mtandao, na binti wa Nashipai, Nasinkoi, akamwonyesha kichuguu nyuma ya zizi. Akapanda juu, chama kizima mkononi. Akaingia kwenye tovuti, akalifuta jina lile bila kulisoma kwa sauti, na kwenye namba ileile akaandika: Mama Nashipai. Akashuka, akamwonyesha.

"Sasa sina ruhusa ya kukuandikia mpaka wewe mwenyewe utake," alisema. "Ukitaka, tuma neno ANZA kule kule ulikotuma ACHA. Usipotaka, nitakwambia hapa kwa mdomo: daktari anakuja kesho, si Ijumaa, na chanjo haingoji."

Nashipai alisimama. Alilitazama zizi, ambamo ndama walikuwa wakisukumana. Akampa Nasinkoi simu. "Andika."

Kisha akaichukua tena na kuanza kupiga. Aliongea Kimasai kwa sauti kavu, boma moja baada ya jingine, na Husna hakuelewa neno ila alikuwa juu ya kichuguu na aliona matokeo. Namba zilizokuwa kwenye safu ya waliojitoa zilianza kutoka. Moja. Nyingine. Kisha kundi zima kwa pamoja. "Wanarudi!" alipiga kelele. "Salaash, wanarudi!" Aliruka, kichuguu kikameguka, akaanguka chali na simu juu. Nashipai alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi cha kustukiza. Husna akapanda tena na mgongo wenye vumbi, akaandika ujumbe mpya, akaupeleka.

Asubuhi iliyofuata vumbi lilionekana kabla ya ng'ombe. Lilitoka pande zote, na ndani yake kulikuwa na kengele, mbinja na ndama wakilia. Dominiko aliushika mtungi wake unaovuja, akasema, "Mungu wangu, mmewaita wa wilaya ngapi?" Mzee Mhina alizunguka huku na huku akiwaeleza watu namna alivyobuni mpango huu, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumbishia. Safari hii chanjo ingekwisha kwa kuingia kwenye ndama, si mchangani, na Husna alikuwa na hamu ya kumkumbatia kila mmoja, mwenye kwato na asiye na kwato.

Wa kwanza kwenye kibanio, kwa heshima ya mwenyewe, walikuwa ndama wa boma la Nashipai. Dominiko alimchoma wa kwanza, akamvika hereni ya sikioni, akashika kalamu.

"Hawa ni wa nani?"

Pakawa kimya. Ulikuwa ukimya uleule wa kikaoni, na safari hii Husna aliutambua. Wazee walitazama chini. Kijana mmoja akaanza kunyoosha kidole kuelekea kwa shemeji wa Nashipai, ndugu wa marehemu, aliyekuwa akihesabiwa mwenye mifugo ile mwaka mzima.

Nashipai alipenya katikati yao. Hakujua kusoma, lakini alijua ujumbe uko wapi, maana Nasinkoi alikuwa amemsomea mara nyingi mno hadi yeye mwenyewe angeweza kuukariri. Akaiinua simu mbele ya macho ya daktari.

"Soma," alisema. "Sauti ipande, wasikie."

Dominiko akasoma: "WAFUGAJI. Mama Nashipai, leta ndama wako kesho asubuhi."

"Wako," alisema Nashipai. "Andika hivyo hivyo."