Hesabu Isiyo na Tundu

Kamati mpya ya chama cha kuzikana ilishinda uchaguzi kwa wimbo mmoja tu: mweka hazina ni mwizi. Siku ya makabidhiano, mama huyo mshona nguo, aliyemeza matusi yao mwezi mzima, aliwamwagia mezani kila kitu: daftari la fedha, stakabadhi, taarifa ya benki, orodha ya wanaodaiwa ada, na deni la majeneza mawili kwa seremala.

Walijumlisha mpaka jasho likawatoka. Salio la daftari na la benki yakafanana kama shilingi kwa ya pili.

Mwenyekiti mpya akanong'ona, "Mama, hata kidogo hukudokoa? Sasa watu tutawaambia nini?"

Mama akamsogezea kalamu. "Tia saini umepokea zote, baba. Tundu mtatoboa wenyewe."