Namba Nne Ipi

Ghati alikuwa amechuchumaa kwenye mdomo wa duara, lile shimo la kushukia machimboni, anashindilia baruti kwenye tundu la tatu, jiwe lilipopita juu ya kichwa chake na kumpata punda aliyekuwa amebeba maji nyuma yake. Punda akaanguka na madumu yake. Hakuna aliyekwenda kumtazama. Siku hiyo mgodini kwao, nje kidogo ya Nyarugusu, punda hakuwa na thamani ya kutazamwa.

Wavamizi walikuwa wameingia alfajiri. Vijana wa mashimo ya jirani, wana mapanga na manati, walitokea chini kwa chini kupitia duara moja, lipi hakuna aliyeona gizani, wakachoma kibanda cha mlinzi pamoja na ule ubao ambao kila anayeshuka hutundika jina lake. Wakamkata George, mlinzi wa zamu, begani mpaka mfupa ukaonekana. Meneja, Donatus, alimpakia George kwenye gari lake mwenyewe na kukimbia naye hospitali ya Geita. Huko njiani ndiko alikotuma kazi kwenye simu ya Ghati, kwa ile programu ambayo mgodi mzima unapokelea kazi: "Zibeni duara namba 4 kwa baruti leo." Basi. Hakuna picha, hakuna jina la duara, hakuna neno la ziada. Jamani, mtu anaagiza baruti kama anaagiza chai.

Lakini tusimwonee. Alikuwa na mtu anavuja damu kwenye kiti cha nyuma.

"Maliza hapo, dada," Marwa alisema. Marwa ndiye mkuu wa walinzi, mtu wa Tarime kama Ghati, mrefu, na tangu alfajiri macho yake yalikuwa mekundu. Rungu lake lilikuwa limeshakaukiwa damu ya mtu. "Wanajikusanya kule kilimani. Wakirudi wakakuta duara liko wazi, leo tunazikana."

"Namalizia."

Alinyoosha mkono kuchukua waya, kiwiko chake kikagonga nguzo iliyosimamishwa pale mdomoni. Akaigeukia kwa hasira, na hapo ndipo akaiona vizuri. Kwenye nguzo ile palikuwa na 4 ya chokaa nyeupe iliyofifia, na juu yake 2 ya rangi nyekundu, mpya.

Mkono wa Ghati ukasimama.

Mwezi uliopita alikuja mpimaji, akayahesabu maduara upya kwa ajili ya ramani ya serikali. Nne ikawa mbili. Saba, lile lililoachwa kule ng'ambo ya karasha la kusagia mawe, likawa nne. Nguzo zikapakwa rangi, watu wakacheka, wakaendelea kusema kama walivyozoea. Mgodini nne ilibaki nne ileile waliyoichimba kwa mikono yao. Hata Ghati mwenyewe, aliposoma kazi ile, miguu ilimleta hapa bila kuuliza kichwa. Ila Donatus ndiye aliyeshinda na ile ramani mpya mezani. Alipoandika nne, aliandika kwa mdomo wa wachimbaji au kwa ramani?

"Salome," alimwita msaidizi wake, binti wa Kisukuma aliyekuwa anafungua boksi la pili. "Acha hapo hapo. Usiunganishe kitu."

"Kuna nini, Mama Limi?"

"Sijui. Ndiyo maana nasema acha."

Alimpigia Donatus simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, vilevile. Akafungua ile kazi, akashuka chini kwenye sehemu ya maoni, akaandika haraka kwa kidole chenye vumbi: "Bosi hii ya nne vipi?"

Wakasubiri. Mawe yakaanza kuanguka tena, safari hii mengi, na walinzi wawili wakakimbilia nyuma ya tangi la maji wakiwa wameshika vichwa. Simu ikalia. Donatus alikuwa amejibu kwa kidole gumba cha njano, kimenyooka juu.

Marwa alikiona. "Si huyo? Amekubali. Unganisha."

"Amekubali nini?"

"Nne! Umemuuliza nne, amesema sawa."

Ghati akajikasirikia yeye mwenyewe kwanza. Swali gani lile? Swali la kipumbavu hupata jibu la kipumbavu, na mtu aliye wodini, simu mkononi, mgonjwa analia pembeni yake, angejibu nini zaidi? Yeye ameona tu mtu anaulizia kazi, akadhani anaulizwa kama bado anaitaka.

"Sikumuuliza vizuri," alisema. "Namuuliza tena."

"Utamuuliza mpaka watuchinje?"

"Namba zilibadilishwa, Marwa. Tazama nguzo. Inawezekana anataka lile la saba."

"Wewe umeshamsikia nani hapa analiita hili mbili? Nani?" Marwa alimsogelea mpaka Ghati akasikia pumzi yake. "Hawa mbwa wamepita hapa. Wamemkata George. Chacha mdogo wangu yuko hospitali anamshikia George chupa ya damu sasa hivi, na wewe unachezea simu. Wewe ni Mkurya kweli?"

"Chini kuna watu?"

"Hamna mtu. Nimeita."

Ameita. Duara refu kiasi kile, lenye vichochoro vya pembeni kama mashimo ya panya, mtu akiwa mwisho wa kichochoro hata ukimwimbia hasikii. Na ubao wa majina ulikuwa majivu. Ghati akampa Marwa mgongo, akaandika, na safari hii hakuharakisha hata kama mawe yalikuwa yanapiga mabati:

"Donatus, sijalipua, nasubiri jibu lako. Namba 4 unayotaka izibwe ni ipi? A: nne ya zamani, yenye pampu, sasa imeandikwa 2. B: nne mpya, iliyokuwa 7, ng'ambo ya karasha. Jibu A au B. Na kama unajua mtu yeyote aliye chini kwenye mojawapo, niambie."

Akatuma. Akampa Salome simu. "Ishike. Usiiachie hata nikifa."

Halafu akaivua ile funguo ya mashine ya kulipulia, iliyokuwa inaning'inia shingoni kwake, akaiingiza ndani ya buti.

Marwa alimwona. Hapo akili ikamtoka. Alimkamata Ghati kwa ukosi akamburuta mbali na mdomo wa duara, na Ghati akampiga kiwiko cha koo, kwa sababu hakulelewa kuburutwa. Rungu likashuka. Alilikinga kwa mkono wa kushoto, akasikia kidole kimoja kikivunjika, kavu, kama kijiti cha mtama. Pigo la pili lilimpata mdomoni. Akaanguka chali, damu ikamjaa kinywani pamoja na kitu kigumu, akajua ni jino lake.

"Nipe funguo!"

"Njoo uichukue."

Akaja. Alimpandia kifuani kwa goti, akaanza kumvuta buti, na Ghati akamng'ata mkono akang'ang'ania mpaka Marwa akapiga ukelele. Walinzi wengine walisimama wakitazama, mapanga mkononi, hawajui wamsaidie nani. Kule kilimani makelele yalikuwa yanashuka. Mmoja wa walinzi alipigwa na jiwe la manati jichoni, akakaa chini polepole, ameziba uso kwa viganja, damu inapita katikati ya vidole.

"Marwa, wanakuja!"

"Nipe funguo, Ghati, nakuua. Wallahi nakuua."

Alikuwa anasema kweli. Ghati aliyaona macho yake, akaogopa, akaogopa kweli kweli, akamfikiria Limi mwanawe aliyemwacha kwa bibi yake Tinde. Angeitoa tu ile funguo. Nani angemlaumu? Kazi imeandikwa nne, nguzo ina nne, bosi ametuma kidole gumba. Kila mtu angesema alitii. Akakunja mguu wenye buti chini ya mwili wake, akaulalia.

Rungu likainuka.

"Amejibu!" Salome alikuwa amejibanza nyuma ya boksi la baruti, mahali pa mwisho duniani pa kujificha mtu mwenye akili. "Mama Limi, amejibu!"

"Soma," Ghati alisema kwa kinywa kilichojaa damu. "Soma kwa sauti."

Salome akasoma, na lafudhi ya Kisukuma ikamjia yote kwa woga. "B. Iliyokuwa saba, ndiko walikotokea. Msiguse A. Asubuhi kabla sijaondoka nilimtuma Chacha na Boaz washuke A wakafungue pampu isiibwe. Hawajaniambia kama wametoka."

Rungu likabaki juu.

"Rudia," Marwa alisema.

"Msiguse A. Nilimtuma Chacha na—"

"Chacha yuko hospitali."

Marwa aliinuka kutoka juu ya Ghati. Alilitazama duara, akaitazama baruti iliyokwisha kushindiliwa kwenye matundu yake matatu, akaliangusha rungu. Kisha akakimbia mpaka mdomoni, akalala kifudifudi na kuliita jina la mdogo wake humo gizani. Halikurudi jibu lolote.

Wavamizi waliingia wakati huo huo. Nisikudanganye, palichafuka. Walinzi walipigana nao kati ya karasha na tangi, panga kwa panga, na mmoja wa wale vijana alipasuliwa mguu akawa anatambaa akimwita mama yake. Ghati hakupigana. Alitambaa hadi kwenye matundu na mkono wake mmoja mzima, akaanza kuvitoa viwashio, kimoja kimoja, taratibu, Salome akivipokea na kuvitenga mbali na boksi. Marwa naye hakupigana. Alishika kamba akateremka duarani bila taa, bila kofia.

Gari la polisi lilipotimua vumbi barabarani, wavamizi wakatawanyika kule walikotokea. Waliacha ndala zao kila mahali, na yule kijana wa mguu.

Ghati alikaa ameegemea ile nguzo yenye namba mbili. Alichukua simu kwa Salome akaandika kwa taabu chini ya lile jibu: "Nimekuelewa, ni B. Leo halizibwi, wavamizi wengine wamekimbilia humo humo. Tutaziba tukihakikisha hamna mtu." Kazi akaiacha wazi. Hakubonyeza kwamba imekamilika, kwa sababu haikuwa imekamilika.

Kamba ikatikisika. Akatoka Boaz kwanza, anatukana matope. Akafuata Chacha, amebeba kichwa cha pampu begani, tope mpaka kwenye kope. Walikuwa mwisho wa kichochoro, wanahangaika na nati iliyoshika kutu, na hawakusikia kitu mpaka Marwa alipowatokea gizani analia. Chacha alikuwa bado anashangaa. Tangu wazaliwe hakuwahi kumwona kaka yake akilia.

Alipomwona Ghati, uso umevimba, nguo nzima damu, aliteremsha pampu chini.

"Shikamoo, dada. Nani amekufanya hivi?"

Marwa alikuwa ametoka nyuma yake, amesimama ukingoni, mkono wenye alama za meno umening'inia. Hakuinua kichwa. Ghati alitema damu pembeni.

"Marahaba," alisema. "Kaka yako."

"Kwa nini?"

Ghati aliangalia yale matundu matatu, yasiyo na viwashio sasa, mdomoni mwa duara.

"Muulize," alisema. "Muulize vizuri, na usiondoke mpaka akujibu."