Upande wa Kulia wa Baraza

Mimi ni mpiga picha za filamu, na mtu akiniharibia fremu huwa sinyamazi. Siku ile tulipopanda Machame nyumbani kwa mama yake Sifael, mwongozaji wetu, kuamua umbo la picha kabla ya kuanza kurekodi kesho yake, nilibisha mara moja tu, nikajishangaa.

Filamu ilikuwa fupi. Sifael aliiandika na mkewe, Kindness: mama mkwe na mkamwana wamenuniana, wanakaa barazani siku nzima, kila mmoja kwenye ncha yake ya benchi. Kindness ndiye aliyetaka picha pana, yenye upana unaozidi kimo mara mbili, ili wanawake wote wawili waingie kwenye fremu moja na ule uwazi kati yao uonekane. Angecheza mkamwana mwenyewe, na mama mkwe wake wa kweli angecheza mama mkwe. Walipatana mno wale wawili. Hata kununiana ilibidi wafanye mazoezi, na mazoezi yenyewe yaliishia kwenye vicheko.

Kindness alifariki mwezi wa pili. Alizikwa palepale kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kati ya migomba na nyumba, upande wa kulia wa baraza.

Sasa Sifael alikuwa amemfuta mkamwana kwenye hadithi, akabaki mama peke yake. Akaniambia anataka nne kwa tatu, fremu fupi inayokaribia mraba. Sababu za kitaalamu alikuwa nazo tele: mtu mmoja kwenye picha pana anapwaya, migomba imesimama kwenda juu, mlango nao ni mrefu na mwembamba. Zote zilikuwa sahihi, na ndiyo maana ziliniudhi. Nilifunga kamera kwenye stendi, nikabandika tepu nyeusi kwenye monita, kushoto na kulia, ili tuone kitakachobaki. Tepu ya kulia ililifunika kaburi lote.

Nilimshauri turekodi pana, tukate pande wakati wa kuhariri. Alikataa, na hapo alikuwa na haki. Usipoamua mapema, kila kitu unakipanga nusunusu, na taa zinakosa pa kusimama, maana kwetu sisi nje ya fremu ndiyo stoo.

Nilipokuwa napima mwanga, Sifael alibeba masanduku ya lenzi kuyapeleka huko nje ya fremu, kulia. Alikwenda ameinamisha kichwa, akayatua bila kutazama, akarudi. Miezi yote hiyo alikuwa hajawahi kugeuza macho upande ule. Sanduku moja alikuwa amelitua juu ya vigae vya kaburi.

Nilitaka kukimbia nikalitoe, lakini mama alinitangulia. Alikuwa ametoka jikoni na mabakuli ya mtori wa ndizi. Akayaweka chini, akalishusha sanduku, akavifuta vigae kwa pindo la khanga yake, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Hakufoka. Natamani angefoka.

Kisha akaja kwenye monita, akaniuliza zile tepu ni za nini. Nikamweleza kwamba kilicho katikati ndicho watu watakachokiona, kilichofunikwa hakitakuwepo. Akainama kuangalia.

"Na Kindness yuko wapi?"

Sifael alimjibu kwa sauti ya chini kwamba hadithi imebadilika, amemtoa.

"Kwenye hadithi umemtoa, sawa," mama alisema. "Mbona unamtoa na nyumbani?"

"Mama, nikimwona siwezi kufanya kazi."

"Basi acha kazi, baba. Mwangalie kwanza."

Sifael aliisogelea monita. Akazibandua tepu za pembeni, akaniomba nyingine mbili, akazibandika mwenyewe juu na chini ya monita. Picha ikawa pana. Kushoto benchi lilianza, katikati hapakuwa na mtu, na kulia kabisa lilionekana kaburi jeupe na msalaba wake. Akaliangalia pale kwenye monita, halafu akainua kichwa, akaliangalia lenyewe. Alikaa kwenye nyasi, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata siku ya maziko. Nami nililia, na sioni haya kusema. Kindness alikuwa rafiki yangu, na picha ilikuwa imekaa vilevile alivyoitaka.

Mama hakwenda kumbembeleza. Alipanda barazani, akakaa kwenye ncha yake ya kushoto, akaweka mikono mapajani, akageukia kamera.

"Hellen, washa hiyo mashine tujaribu," aliniambia. "Sisi tuko tayari."